Hedhi kukoma bila mimba: mara nyingi chanzo kiko kwenye ubongo

Wanawake wengi wanaokosa hedhi hufika kliniki wakiomba dawa ya kusafisha kizazi, kwa kuamini kwamba damu imejikusanya ndani na imekosa njia ya kutokea. Kwa kawaida sivyo ilivyo. Damu ya hedhi ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaobomoka, na homoni za kuujenga zikiwa chache ukuta huo haujengeki, kwa hiyo hakuna kitu cha kusafishwa.

Ujenzi wa ukuta huo huamriwa kutoka mbali. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, takribani kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na kila kipindi huichochea tezi ya pituitari, ambayo nayo huziamuru ovari kupevusha yai na kutengeneza estrojeni, homoni inayoujenga ukuta huo. Yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni kwa muda wa siku zipatazo 14, na homoni hizo zikishuka ndipo damu hutoka. Kwa kuwa siku hizo 14 hazibadiliki sana, hedhi inayochelewa huwa imechelewa kwa sababu yai lilichelewa au halikupevuka kabisa. Mtu akitafuta kilichomsibu, asianzie jana. Aanzie wiki kadhaa nyuma.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 23 na urefu wa sentimita 162, ambaye kwa miezi mitano ya maandalizi ya mitihani amekuwa akila mlo mmoja kwa siku, akikimbia kila alfajiri na kulala kwa muda wa saa nne tu. Uzito wake umeshuka kutoka kilo 58 hadi 49, na hajaona siku zake kwa miezi minne. Uwiano wa uzito na urefu wake ni kama 18.7, ambao bado uko ndani ya kiwango cha kawaida, na hapo ndipo watu wake, na wakati mwingine hata wahudumu, hupotoka. Ubongo hauangalii mizani peke yake, bali nguvu ya chakula inayobaki baada ya kazi na mazoezi. Mafuta ya mwili yanapopungua, homoni ya leptini, inayoupa ubongo habari za akiba hiyo, hupungua pia. Msongo wa mawazo nao huongeza homoni ya kotisoli. Na vyote kwa pamoja hupunguza kasi ya vile vipindi vya haipothalamasi, hadi ovari zikakosa amri.

Kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama mwenyewe ana hakika. Kisha hupimwa homoni za tezi ya shingo, homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, estrojeni na homoni za pituitari zinazoziamuru ovari. Kwa binti huyu estrojeni ingekuwa chini, na homoni za pituitari zingekuwa chini au za wastani. Zingekuwa juu sana, shaka ingeziangukia ovari zenyewe. Hata hivyo, msongo hautajwi kuwa chanzo mpaka sababu nyingine zimeondolewa.

Tiba yake ni kula vya kutosha, kupunguza mbio na kulala, na hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Vidonge vya uzazi wa mpango vitamletea damu kila mwezi, lakini damu hiyo huletwa na vidonge. Haithibitishi kwamba mzunguko umerudi, wala haitengenezi mifupa inayodhoofika kwa ukosefu wa estrojeni. Ajue pia kwamba yai hutangulia damu, kwa hiyo anaweza kushika mimba kabla ya kuona hedhi ya kwanza.

Aliyeongezeka uzito ana habari tofauti. Mafuta mengi huendeleza estrojeni huku yai likikosa kupevuka, hasa kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi, ambaye mara nyingi huwa pia na chunusi au ndevu. Ukuta wa kizazi hujengeka bila projesteroni ya kuudhibiti, na baada ya miezi ya ukimya damu huweza kutoka kwa wingi. Huyu hafai kungoja tu, kwa sababu ukuta unaozidi kunenepa kwa muda mrefu unaweza kuleta saratani. Daktari huweza kumpa projesteroni ili aone hedhi.

Aliyekuwa na mzunguko wa kawaida afike kliniki baada ya miezi 3 bila hedhi, na mwenye mzunguko usiotabirika baada ya miezi 6. Asingoje muda huo anayetokwa na maziwa bila kunyonyesha, anayeumwa kichwa huku macho yakififia, au ambaye hedhi haikurudi baada ya kusafishwa kizazi hospitalini. Aje na tarehe za hedhi zake za mwisho, uzito wake wa zamani na majina ya dawa anazotumia. Aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aitaje tarehe ya mwisho hata kama aliiacha zamani kidogo, kwani sindano hiyo huweza kuizuia hedhi kwa miezi mingi baada ya muda wake kwisha.