Mvua ya Kwanza Haiji Kupamba: Dhana Potofu Kuhusu Hali ya Hewa katika Sura ya Kwanza ya Riwaya

Katika miswada ambayo waandishi chipukizi wa hapa Dodoma hunipa niisome, sura ya kwanza mara nyingi hufunguka kwa mawingu, ngurumo au upepo, na mara nyingi mawingu hayo hupita bila kumgusa mtu yeyote. Ukiifuta aya nzima, hadithi haipungukiwi na kitu. Naamini chanzo chake ni dhana chache tulizozizoea, nami nitazipima kwa mfano mmoja niliouunda kwa ajili hiyo: riwaya ya ndugu wawili, Sechelela na kaka yake Yona, wanaogombea shamba la marehemu baba yao katika kijiji cha upande wa Mvumi, mwishoni mwa mwezi wa Novemba.

Dhana: Mvua huleta huzuni, jua huleta furaha, na mawingu meusi hutangaza ubaya.

Hebu tuanze na ufunguzi wa aina ninayoiona mara kwa mara:

"Mawingu meusi yalitanda angani kama majonzi yaliyoujaza moyo wa Sechelela. Upepo ulivuma kwa huzuni. Radi ilipasua anga, naye akahisi kwamba jambo baya lilikuwa linakuja."

Ukweli ni kwamba mawingu hayana hisia yoyote mpaka yamkute mtu mwenye shughuli yake. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo huja katika msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa mkulima aliyekwisha kusafisha shamba na kuhifadhi mbegu, wingu la kwanza ni habari aliyoingojea kwa zaidi ya nusu mwaka. Kwa jirani yake ambaye hajaongeza udongo kwenye paa la tembe lake, wingu hilo hilo ni hofu, kwa sababu usiku huo maji yataingia ndani. Kwa mfanyabiashara aliyeanika alizeti uani, ni mbio. Mwandishi anapoandika kwamba wingu ni la huzuni, huwa amechukua maana iliyotengenezwa mahali ambapo mvua ni ya kila siku na jua ndilo linalotamaniwa, akaileta kwa watu ambao wangetoka nje kulitazama wingu hilo kwa matumaini.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza kuhusu anga, mwandishi ajiulize mhusika wake atapata nini au atapoteza nini hali hiyo ya hewa ikitokea leo badala ya wiki ijayo. Katika mfano wetu jibu ni zito. Baba amefariki mwezi wa Julai, na mpaka wa shamba haujawahi kuandikwa popote. Uliwekwa kwa safu ya minyaa tu. Ndugu wote wawili wanajua kwamba atakayewahi kupanda kwa mvua ya kwanza atakuwa na mazao yaliyosimama shambani, na mazao yaliyosimama ni vigumu kuyang'oa mbele ya wazee. Mvua, basi, ndiyo inayoweka muda wa mwisho wa ugomvi. Tukilijua hilo, ufunguzi unaweza kuwa hivi:

"Wingu lilikuwa limesimama upande wa mashariki tangu alfajiri, na kila mwenye jembe alikuwa amekwisha kutoka. Sechelela alifika mpakani akiwa amebeba mbegu za mtama ndani ya kibuyu. Minyaa mitatu ya mwisho ilikuwa imelala chini. Kwenye visiki vyake utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika. Alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole, kisha akakipangusa kidole kwenye khanga upesi, mbali na uso."

Anga imepata nusu ya sentensi, lakini inafanya kazi katika aya yote, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini watu wametoka mapema na kwa nini mtu amekata minyaa asubuhi hii na si mwezi uliopita. Utomvu nao unafanya kazi ya saa. Mnyaa ukikatwa hutoa maziwa papo hapo, na baada ya muda maziwa hayo hukauka na kuganda. Ukiyakuta yanachuruzika, aliyekata hajafika mbali. Hakuna aliyesema neno "ugomvi", wala Yona hajatajwa, lakini msomaji wa huku tayari anatafuta nyayo. Hata namna Sechelela anavyopangusa kidole ina maana, kwa sababu utomvu huo ukiingia jichoni huchoma vikali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Mtu aliyelelewa kando ya ua wa minyaa hufanya hivyo bila kufikiri, nasi tunamfahamu kuwa ni mwenyeji wa shamba hili kabla hajadai kuwa ni lake.

Dhana: Ufunguzi mzuri lazima uguse milango yote mitano ya fahamu.

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini matokeo yake ni orodha: mhusika anaona, anasikia, ananusa, anaonja na kugusa ndani ya aya moja, kama mtu anayepimwa na daktari. Ukweli ni kwamba maelezo mawili au matatu yanatosha, mradi yawe yale ambayo mhusika huyu, kwa kazi yake na kwa wasiwasi alio nao, hawezi kuacha kuyatambua. Mvunaji wa zabibu ataona nyuki kwenye vichala kabla ya kuona rangi ya mbingu. Fundi wa kuezeka atasikia bati lililolegea.

Sauti ndiyo ninayoiona ikisahauliwa zaidi, ingawa huku kwetu inaweza kubeba mgogoro mzima. Mvua kubwa inayopiga bati lisilo na dari huwafanya watu waliomo ndani wasisikilizane; lazima wapaze sauti au wanyamaze. Chini ya paa la tembe, lenye magogo, fito na udongo juu yake, mvua hiyo hiyo huanza kimya kimya, na wakati mwingine mtu aliyelala huijua tu pale tone la kwanza lenye rangi ya udongo linapodondoka. Sasa tuseme kwamba Yona amejenga nyumba ya bati kwa fedha alizopata mjini, na Sechelela amebaki katika tembe la baba pamoja na mama yao. Mvua ikinyesha usiku, Yona ndiye atakayeamshwa na kishindo cha tone la kwanza na kuwahi shambani gizani, huku dada yake akiwa bado amelala. Tofauti ya mapaa imegeuka kuwa tofauti ya nani anawahi, na mwandishi hajahitaji kueleza kwamba mmoja ana fedha na mwingine hana.

Dhana: Hali ya hewa haifai kabisa kufungulia riwaya.

Hii ni tiba iliyozidi ugonjwa. Kosa ambalo kanuni hii inajaribu kulizuia ni lile la kueleza anga kwa ukurasa mzima kabla mtu hajatokea. Mimi hutumia kipimo chepesi: katika sentensi ya pili, au ya tatu kwa kuchelewa sana, pawepo mtu anayefanya jambo kwa sababu ya hali hiyo ya hewa. Akiwepo, anza na mvua bila woga.

Dhana: Mvua ni mvua popote, na msomaji hatajali majira.

Msomaji atajali, tena upesi. Nimesoma muswada ambao matukio yake yako Chamwino na mhusika anangojea "mvua za vuli", kisha miezi michache baadaye anangojea "masika", kana kwamba yuko Tanga. Dodoma haina misimu miwili ya mvua, na pepo za kusi na kaskazi ni kalenda ya watu wa pwani. Mwandishi anayehitaji baridi ana Juni na Julai, ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi na upepo mkavu hupasua midomo. Anayehitaji vumbi, ukame na hasira za watu wanaopanga foleni kisimani, au wanaofukua mchanga wa korongo kutafuta maji, ana Septemba na Oktoba. Na anayehitaji tumaini linalovunjika, ana ule ukavu unaoweza kuingia katikati ya msimu, Januari au Februari, mtama ukiwa umefika magotini na mvua ikakatika.

Harufu nayo ina majira yake. Ile harufu ya udongo uliopata maji hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, nayo hurushwa hewani matone yanapogonga ardhi. Tunaihisi kwa nguvu zaidi pale mvua inapokuja baada ya ukavu mrefu. Mwandishi anayemfanya mhusika asimame mlangoni mwezi wa Machi, baada ya siku tisa za mvua mfululizo, akishangazwa na harufu hiyo, ameitumia mahali ambapo haina nguvu. Katika riwaya ya Sechelela naiweka mara moja tu, usiku wa mvua ya kwanza, na ninampa mama mzee, ambaye haoni vizuri tena. Yeye ndiye anayeinusa, akasema, "Sechelela mwanangu, amka, imenyesha."

Dhana: Ili kudokeza mgogoro, mwandishi amwambie msomaji kwamba kuna jambo linakuja.

"Laiti angalijua yatakayomfika kabla ya jua kuzama!" Sentensi kama hii huonekana kuwa na taharuki, lakini humwondoa msomaji shambani na kumpeleka kwenye meza ya mwandishi. Dokezo linalofanya kazi ni kitu kinachoshikika ambacho hakiko mahali pake, nacho kinazaa swali moja tu. Minyaa iliyokatwa inauliza: nani? Kibuyu cha mbegu kilichofunguliwa kinauliza: kimepungua kiasi gani?

Dokezo la namna hiyo linadai lirudiwe kabla sura haijaisha, vinginevyo msomaji ataliona kuwa ni pambo tu. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Sechelela amkute Yona na panga mkononi. Ilikuwa wazi mno na ikaumaliza mgogoro kabla haujaanza. Ya pili ndiyo niliyoibakiza. Jioni, mvua ikiwa bado haijanyesha, Yona anakuja tembeni kumjulia mama hali. Anaamkia, anakaa kwenye kigoda, anapokea uji. Jicho lake la kushoto ni jekundu na linatoa machozi, naye anasema ni vumbi. Mama anamshauri ajioshe kwa maji mengi. Sechelela anainuka kwenda kuyaleta, kwa maana maji katika nyumba hiyo yamo ndani ya ndoo moja tu, na anayamimina polepole mikononi mwa kaka yake bila kusema neno.