Majibu ya Maabara na Kadi za Chanjo za Kihispania: Tunachotafsiri na Tusichokigusa

Tangu msimu wa uandikishaji wa shule uanze, dirisha letu la tafsiri hapa Dar es Salaam limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Mzazi amepeleka kliniki tafsiri ya Kiswahili ya kadi ya chanjo au ya majibu ya maabara yaliyotoka nje, muuguzi ameikataa, au daktari ameagiza kipimo kirudiwe. Karatasi nyingi kati ya hizo zimeandikwa Kihispania: zimetoka Hispania yenyewe, Kuba walikosomea baadhi ya madaktari wetu, Meksiko, na hata Guinea ya Ikweta. Tulipozikagua tafsiri zilizokataliwa, nyingi zilikuwa na Kiswahili safi kabisa. Kilichoziharibu ni mkato, nukta, herufi moja ya kizio au kifupisho kimoja.

Ili tuelewane, tuchukue karatasi ya mfano ya mtoto wa miaka minne aliyepimwa damu nchini Hispania kabla ya kurudi na wazazi wake. Mistari minne inatosha:

```
Hemoglobina   11,2 g/dL     (11,5 - 13,5)          B
Plaquetas     215.000 /µL   (150.000 - 450.000)
Glucosa       88 mg/dL      (70 - 100)
PCR           12,4 mg/L     (< 5,0)                A
```

Tuanze na alama. Hispania na nchi nyingi za Amerika ya Kusini hutenga desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta, kinyume cha tulivyozoea hapa. Mfasiri akiuacha mstari wa pili kama ulivyo, msomaji wa Tanzania ataona mia mbili na kumi na tano nukta sifuri sifuri sifuri. Mtoto mwenye chembe sahani 215 kwa mikrolita ni wa kukimbizwa hospitali. Mwenye 215,000 hana tatizo lolote kwenye mstari huo. Kwa hiyo alama tunazibadilisha ziwe za hapa: 11.2, kisha 215,000. Juu ya tafsiri tunaandika kwamba alama za desimali na maelfu zimefuata utaratibu wa Tanzania, na kwamba hakuna tarakimu iliyoguswa.

Lakini karatasi ya Meksiko haifuati utaratibu wa Hispania. Huko huandika 11.2 na 215,000 kama sisi, na mfasiri anayegeuza alama kwa mazoea ataharibu kilichokuwa sahihi. Ndiyo maana jambo la kwanza tunalotazama ni nchi na jina la maabara. Pakiwa na shaka, tunatazama viwango vya rejea vilivyo kwenye mabano. Maabara hutumia alama zilezile kwenye jibu na kwenye mabano, na himoglobini yenye kiwango cha 11,5 hadi 13,5 haiwezi kuwa mia moja na kumi na tano. Kwa sababu hiyo mabano hayo hatuyaachi kamwe, wala hatuyabadilishi kwa viwango vya hospitali ya hapa. Kila maabara hutoa viwango kulingana na mashine zake na umri wa mgonjwa, na jibu likitenganishwa na mabano yake daktari hana cha kulilinganisha nalo.

Sasa vizio, ambako ndiko tunakobishana zaidi na wateja. Sukari kwenye mfano wetu ni 88 mg/dL. Hapa kwetu vituo vingi hutoa jibu la sukari kwa mmol/L, na mzazi akiona 88 wakati amezoea 5 au 6, anashtuka na kutuomba tuiandike kwa kizio cha hapa. Hapana. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya kwa 18 upate karibu 4.9 mmol/L. Ila kigawanyo hicho ni cha sukari peke yake. Kreatinini ina kizidisho chake, ambacho ni 88.4 kutoka mg/dL kwenda µmol/L, na kolesteroli ina chake. Mfasiri anayeanza kukokotoa ameacha kutafsiri na kuanza kutengeneza jibu ambalo maabara haikulitoa. Kizio kinabaki kilivyo, herufi kwa herufi. Ubadilishaji atafanya daktari, akiona unahitajika.

Herufi kwa herufi ina maana yake halisi. Alama µ inapunguza mara milioni, na m inapunguza mara elfu. Kibodi nyingi hazina µ, hivyo mtu anapiga m na kuendelea. Papo hapo chembe 215,000 zilizohesabiwa katika mikrolita moja zimekuwa 215,000 katika mililita moja, yaani kwa kila mikrolita zimebaki 215 tu. Tumerudi kwenye balaa lile tulilolikwepa kwenye nukta. Vilevile mikrogramu, iwe imeandikwa µg au mcg, isigeuzwe kuwa mg. Na karatasi ikisema mm³ hatuandiki µL, ingawa ni ujazo uleule, kwa kuwa mkaguzi anayelinganisha nakala mbili anapaswa kukuta kitu kilekile.

Herufi B na A zilizo pembeni zimezua maswali mengi. B ni *bajo*, chini ya kiwango; A ni *alto*, juu ya kiwango. Si makundi ya damu. Tumewahi kuletewa tafsiri iliyosema mtoto ni wa kundi B kwa sababu ya herufi hiyo iliyokaa pembeni ya himoglobini, na jambo hilo si la kupuuzwa hata kidogo. Kundi la damu huwa na mstari wake, na huambatana na Rh.

Mstari wa nne ndio unaopoteza wengi. Kwa Kihispania PCR husimama kwa mambo mawili. Moja ni kipimo cha vinasaba, ambacho Watanzania wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19. La pili ni *proteína C reactiva*, protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe, ambayo mashine zetu huiandika CRP. Namna ya kuzitofautisha ni kutazama jibu lenyewe. Kipimo cha vinasaba hujibu kwamba kirusi au bakteria fulani ameonekana au hakuonekana, na jina la kimelea huwa karibu. Protini hujibu kwa namba yenye kizio. Mfano wetu una 12,4 mg/L na kiwango cha chini ya 5, kwa hiyo ni protini. Kwenye tafsiri tunaandika PCR kama ilivyo, na ndani ya mabano ya mfasiri tunaongeza: protini C-reaktivu, kwa maabara za hapa CRP. Hatuifuti PCR na kuweka CRP kimyakimya. Na kizio kisisahauliwe, kwa maana baadhi ya maabara hutoa protini hii kwa mg/dL, ambapo 1.24 ni sawa na 12.4 ya mg/L. Anayeangusha herufi d amekosea mara kumi.

Vifupisho vingine havina utata mkubwa ilimradi viachwe vilivyo na vifafanuliwe pembeni: VCM ni MCV ya hapa, VSG ni ESR, VIH ni VVU, na UI ni kizio cha kimataifa ambacho kwenye karatasi zetu huandikwa IU.

Kwenye kadi za chanjo, neno lenye hatari kuliko yote ni lile linaloonekana rahisi: *pentavalente*. Kila mzazi wa Kitanzania anaijua pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14. Yetu inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib. Pentavalente ya Hispania, na ile iliyotumika Meksiko kwa miaka mingi, ina polio ya sindano mahali pa homa ya ini B. Kuba nao wana Heberpenta yao, ambayo ina homa ya ini B kama yetu. Neno ni moja, yaliyomo si mamoja. Mfasiri akiandika “pentavalenti” na kuishia hapo, muuguzi wa Temeke au Kinondoni atahesabu kwamba mtoto amekingwa homa ya ini B, kumbe huenda hajachomwa hata dozi moja.

Kinachotuokoa ni kibandiko. Kadi nyingi huwa na kibandiko au maandishi ya jina la kibiashara na namba ya toleo, inayotanguliwa na neno *lote*. Tunanakili vyote bila kugusa, pamoja na vifupisho vya yaliyomo: DTPa, VPI, Hib, HB. Hizo HB zenye herufi kubwa zote mbili ni homa ya ini B, wala si Hb ya himoglobini. Kadi isipotaja yaliyomo, tunaandika “Pentavalente [yaliyomo hayakutajwa kwenye kadi]” na kumwachia muuguzi aamue. Tafadhali msituombe tujaze. Kukumbuka kwenu kwamba mtoto alichomwa hakuwi maandishi ya kadi.

Kuhusu utaratibu. Leteni karatasi halisi, pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kwa sababu mihuri hukaa huko. Picha ya simu iliyokatwa pembeni hatuipokei. Pembeni ndiko vilipo vizio. Majina yanaandikwa yote, pamoja na majina mawili ya ukoo na alama ya ñ. Pasiposomeka tunaandika “haisomeki”. Kosa lililo wazi kwenye karatasi ya awali halirekebishwi, linanakiliwa na kuwekewa maelezo ya mfasiri. Kabla ya muhuri, mtu wa pili husoma kwa sauti kila namba na kizio kutoka kwenye Kihispania, mfasiri akifuatisha kwenye Kiswahili. Kwa hiyo tafsiri ya ukurasa mmoja haitolewi ukiwa umesimama dirishani, na kugonga kioo hakuiharakishi.

Wapo wanaoomba tarehe ya dozi isogezwe, au herufi A pembeni ya jibu iondolewe. Tunachukulia kwamba wengi hawajui uzito wa ombi hilo, basi tuueleze. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatafsiri kughushi katika kifungu cha 333 kuwa ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Adhabu ya jumla chini ya kifungu cha 337 ni kifungo cha hadi miaka 7. Kifungu cha 342 kinampa adhabu hiyohiyo anayeiwasilisha nyaraka hiyo kwa ulaghai huku akijua ni ya uongo. Maana yake mzazi anayeikabidhi shuleni yumo, hata kama aliyeiandika ni mwingine. Majibu ya afya pia yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo anayeleta karatasi za mtu mzima mwingine aje na ridhaa yake ya maandishi.

Cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, kina sheria yake. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka kijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa; lugha nyingine inaruhusiwa kuongezwa, si kuchukua nafasi. Kikiwa kimejazwa kwa Kihispania peke yake, tafsiri yetu ya Kiswahili haitakisaidia mpakani, na kuandika chochote juu ya kadi yenyewe kunaweza kuibatilisha. Warudieni waliochanja wawape cheti kilichojazwa ipasavyo. Kikipatikana, hakihitaji kuongezwa muda: tangu tarehe 11 Julai 2016 kinga hiyo inatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kuanzia siku ya 10 baada ya sindano.