Kwa nini "mzigo umepewa dereva" unakwaruza sikio

Kwenye stendi ya Moshi utasikia mtu akiuliza kifurushi chake kinachokwenda Arusha, na karani anamjibu: "Mzigo umepewa dereva." Ujumbe unafika, ila sentensi imekaa kombo. Ukiisoma kama sarufi inavyotaka, mzigo ndio uliopokea na dereva ndiye aliyetolewa. Karani alipaswa kusema "Dereva amepewa mzigo" au "Mzigo amepewa dereva", akiuacha mzigo mbele kama mada huku kitenzi kikimfuata dereva.

Kitenzi -pa kinabeba yambwa mbili: anayepokea, yaani yambwa tendewa, na kinachotolewa, yaani yambwa tendwa. Shuleni wengine walifundishwa kuziita kitondo na kipozi. Katika Kiswahili hizi mbili hazina haki sawa, na kuna vipimo viwili vya kuzitenganisha.

Kipimo cha kwanza ni kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. Tunasema "Nilimpa mtoto kitabu", na -m- ni ya mtoto. Ukijaribu kuingiza ya kitabu, "nilikipa mtoto kitabu", maana inageuka: sasa kitabu ndicho kilichopewa kitu. Hakuna nafasi ya viwili kwa pamoja pia. "Nilikimpa" si Kiswahili. Jambo la kuangalia hapa ni "kitabu nilichompa mtoto". Ile -cho- inarejelea kitabu, lakini ni kirejeshi, si kiambishi cha yambwa. Wanafunzi wengi huichukua kama ushahidi kwamba vitu viwili vimeingia kwenye nafasi moja. Sivyo: kila kimoja kimekaa kwenye chumba chake.

Kipimo cha pili ni kauli ya kutendwa: nani anaweza kuwa kiima? "Mtoto alipewa kitabu" inapita. "Kitabu kilipewa mtoto" haipiti kwa maana tunayoitaka. Na usidhani kosa ni kuweka kitu kisicho na uhai kuwa kiima cha -pewa, kwa sababu "Kitabu kilipewa jina jipya" ni safi kabisa. Hapo kitabu ndicho mpokeaji. Kinachohesabika ni nafasi katika tendo, si uhai.

Ukitaka kitabu kiwe kiima, badilisha kitenzi: "Kitabu kilitolewa kwa mtoto", "kilikabidhiwa kwa mtoto". Hapa ndipo lugha inapotupa njia mbili za kusema karibu jambo lilelile. "Nilipeleka mzigo kwa mjomba" na "Nilimpelekea mjomba mzigo" hazilingani sawasawa. Ya kwanza inataja mwisho wa safari; huenda mjomba hakuwepo na mzigo ukaachwa mlangoni. Ya pili inamfanya mjomba mwenyewe kuwa mlengwa, lakini ina utata wake: ama yeye ndiye aliyepokea, ama nilimsaidia tu kuupeleka mzigo wake kwingine. "Nilimwandikia bibi barua" ina utata huohuo, na muktadha ndio unaoamua. Kitenzi -pa chenyewe hakina njia ya "kwa". "Nilipa kitabu kwa mtoto" haisimami, na msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia kulipa.

Sasa panda kidogo mlimani, upande wa Vunjo. Joan Bresnan na Lioba Moshi, katika makala yao ya 1990, walionyesha kwamba Kichaga cha Kivunjo hakibagui yambwa hizi. Mfano wao ni wa kitenzi cha kula katika kauli ya kutendea (naacha alama za toni): *N-a-i-lyi-i-a m-ka k-elya*, yaani anamlia mke chakula, kwa faida yake au kwa hasara yake. Mke anaweza kuwa kiima cha kutendwa, *M-ka n-a-i-lyi-i-o k-elya*, na chakula nacho kinaweza, *K-elya k-i-lyi-i-o m-ka*. Viambishi vyote viwili pia vinaingia pamoja: *n-a-i-ki-m-lyi-i-a*, ambapo -ki- ni chakula na -m- ni mke. Kwa kanuni hiyo, muundo wa sentensi ya karani ungepita. Ndiyo maana siwezi kukubali kauli kwamba "Kibantu" kina kanuni moja ya yambwa.

Ukitoka nje ya Kibantu, Kijerumani kinabadilisha umbo la kibainishi kumtambulisha mpokeaji: *dem Kind* ni mtoto anayepewa, *das Kind* ni mtoto anayeonwa. Kwa hiyo kitabu kinachotolewa ndicho kinachofanana na yambwa ya kawaida, na mpokeaji ana alama yake ya pekee. Kiswahili, ndani ya kitenzi, ni kinyume: "nilimwona mtoto" na "nilimpa mtoto kitabu" zina -m- ileile. Mpokeaji amechukua kiti cha yambwa ya kawaida, na kitabu kimebaki nyuma bila alama.

Kwa hiyo mtu anaposhindwa kuamua kati ya "washindi walipewa zawadi" na "zawadi zilipewa washindi", airudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda na kutazama kiambishi: "Tuliwapa washindi zawadi." -wa- ni ya washindi; basi washindi ndio kiima.