Kabla ya upasuaji wa mdomo wazi kuna mizani

Kila kambi ya upasuaji wa mdomo wazi inapotangazwa redioni, foleni huanza alfajiri. Ikifika saa nne asubuhi, tayari tumeshawarudisha nyumbani wazazi kadhaa waliosafiri usiku kucha. Malalamiko yao tunayapokea, lakini utaratibu ni ule ule. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi kwa upasuaji wa mdomo ni wiki 10 za umri, uzito wa pauni 10, yaani kilo 4.5 hivi, na wingi wa damu usiopungua gramu 10 kwa desilita. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18. Mtoto wa miezi minne mwenye kilo 3.6 hapewi dawa ya usingizi eti kwa sababu nauli imeshalipwa.

Tunapowauliza nyumbani analishwaje, jibu ni moja: "Ananyonya vizuri tu, tena hatoki kwenye ziwa." Hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto asiyetoka kwenye ziwa mara nyingi ni mtoto asiyeshiba.

Kunyonya ni kuvuta. Mtoto hufunga midomo, ulimi ukashuka, na nafasi inayobaki kinywani huvuta maziwa. Mwenye mpasuko wa mdomo pekee huweza kunyonya ziwa, hasa mama akiziba pengo kwa ziwa lenyewe au kwa kidole gumba. Kaakaa likiwa wazi ni habari nyingine, kwa kuwa hewa huingia kupitia puani na mvuto haupatikani. Mtoto hutafuna chuchu, hutoa jasho, huchoka na kulala. Mama huona amelala, husema ameshiba.

Kwa hiyo uchunguzi wetu hauishii mdomoni. Tunamulika tochi hadi nyuma ya kaakaa laini na kupitisha kidole kilichovaa glovu, maana kuna mpasuko uliofunikwa na ngozi laini ya ndani ambao macho hayauoni. Tunatazama pia kidevu. Kikiwa kidogo sana na kimerudi nyuma, ulimi unaweza kuziba njia ya hewa, na mtoto huyo hatumfundishi chupa kabla daktari hajaridhika na upumuaji wake. Kisha tunaomba mama amlishe mbele yetu, saa ikiwa mezani.

Acha niwaeleze mtoto mmoja. Alizaliwa na gramu 3,100, mpasuko wa mdomo na kaakaa upande wa kushoto. Aliletwa siku ya 14 akiwa na gramu 2,760. Kupungua siku za kwanza ni kawaida, lakini kusizidi asilimia 10, na ikifika wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Huyu alikuwa amevuka mpaka huo, na bado hajaanza kupanda. Nepi zilizolowa zilikuwa tatu kwa siku, wakati tunatarajia sita au zaidi.

Bibi yake alikuwa amenunua chupa ya kawaida dukani na kupanua tundu la chuchu kwa sindano iliyotiwa moto. Nia ilikuwa njema. Lakini tundu likipanuka, maziwa hushuka mtoto akiwa tayari au hayuko tayari, anapaliwa, na baada ya mara mbili tatu anaanza kuiogopa chupa. Mbele yetu alitumia dakika 50 na kupata mililita 15. Mlo ukizidi dakika 30, nguvu anayoitumia kula inaanza kula faida ya maziwa yenyewe.

Hesabu haikuwa ngumu. Mtoto wa umri huo anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Tulitumia uzito wa kuzaliwa: kilo 3.1 mara 150 ni mililita 465, tukagawa kwa milo minane, ikawa kama mililita 58 kwa mlo. Mama alikuwa na maziwa ya kutosha. Alichokosa ni njia ya kuyafikisha, hivyo akaanza kukamua.

Chupa za watoto hawa ni za aina mbili hasa. Ya kwanza ina ubavu laini unaominywa kwa vidole. Ya pili ina vali ndogo chini ya chuchu inayozuia maziwa kurudi chupani, kwa hiyo mtoto akitafuna tu, maziwa yanatoka bila kuhitaji mvuto. Mama huyu tulimpa ya kuminya. Mtoto alikalishwa karibu wima, kichwa kikishikiliwa, chuchu ikaelekezwa upande wenye kaakaa zima, si ndani ya pengo. Kosa la kwanza lilikuja hapo hapo: mama aliminya mfululizo. Macho ya mtoto yakatanuka, vidole vikakunjuka, maziwa yakamwagika pembeni mwa midomo. Hizo ndizo dalili za kusimama. Minya taya linaposhuka, achia linapopanda. Baada ya mara mbili au tatu mpe nafasi ya kumeza na kupumua. Mcheulishe katikati ya mlo, kwani watoto hawa humeza hewa nyingi. Maziwa yakitokea puani, futa, muinue, endelea akitulia. Akikohoa mfululizo au midomo ikibadilika rangi, acha kabisa na mpeleke kituoni.

Siku hiyo alipata mililita 45 kwa dakika 25. Siku ya 17 alikuwa na gramu 2,830, ya 24 akawa na 3,010, ya 31 akafika 3,200. Hiyo ni kati ya gramu 23 na 27 kwa siku, na tunachotafuta ni 20 hadi 30.

Hapa niseme jambo kuhusu mizani, kwa wazazi na hata kwa wenzangu wa zahanati. Mizani ya kuning'iniza husoma kwa gramu 100. Mtoto anayeongezeka gramu 25 kwa siku atahitaji siku nne kabla mshale haujasogea alama moja, kwa hiyo kumpima leo na kesho kutwa ni kujisumbua. Kwa mtoto wa wiki za kwanza tafuteni ya kidijitali inayosoma gramu 10 au chini. Apimwe bila nguo na bila nepi, kabla ya mlo, kwenye mizani ile ile, baada ya kuhakikisha inasoma sifuri. Hadi apate uzito wa kuzaliwa, tunampima mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mara moja kwa wiki. Na uandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo.

Wapo waliotuambia nesi amekataza chupa kwa kuwa sheria inakataza. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981, ambayo kanuni zetu zimejengwa juu yake, inadhibiti utangazaji na uuzaji wa maziwa mbadala, chupa na chuchu. Anayezitangaza au kugawa sampuli kwa akina mama ndiye anayevunja kanuni. Mama mwenye mtoto wa kaakaa wazi anayelisha maziwa yake kwa chupa maalumu hajavunja chochote. Wala hahitaji kuambiwa tena kwamba alishika kisu wakati wa kupatwa kwa mwezi; midomo na kaakaa huungana kabla mimba haijatimiza miezi mitatu, na kisu hakihusiki.

Uji wa siku ya kumi pia hauongezi uzito, acheni.

Mkija kliniki, leteni kadi, chupa na chuchu mnazotumia nyumbani hata kama mnaona haya, na maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Mtoto asiwe amelishwa njiani ndani ya saa mbili za mwisho. Tunataka kumwona akila ana njaa.