Vionjo vya kongamano: siku 14 si mabango 14

Dhana: Kuhesabu siku maana yake ni bango moja kila siku

Mtu akikabidhiwa kazi ya kutangaza kongamano wiki mbili kabla kwa vionjo, yaani posti fupi za kuwaonjesha watu kitakachokuwepo, hesabu ya kwanza inayomjia ni hiyo: siku 14, mabango 14. Nimewahi kuufanya mtindo huo mwenyewe. Kufikia bango la tano picha ni ileile, kilichobadilika ni tarakimu tu, na watu wanapita bila kusoma.

Tena tarakimu yenyewe hudanganya. Kwa kawaida Facebook na Instagram hazionyeshi posti kwa kufuata saa zilipowekwa. Ya Jumatatu inaweza kumfikia mtu Jumatano. Bango la "Zimebaki siku 5" linasomwa zikiwa zimebaki 3. Kwa hiyo posti inayokaa ukurasani iandikwe tarehe kamili na jina la siku. Tarakimu za kuhesabia zipelekwe kwenye stetasi ya WhatsApp au stori ya Instagram, ambazo hufutika zenyewe baada ya saa 24.

Dhana: Kadiri siku inavyokaribia, ndivyo ushawishi uongezwe

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa waandaaji huchangamka zaidi siku za mwisho na hudhani msomaji naye yuko hivyo. Mwajiriwa anayehitaji ruhusa kazini, nauli na pa kulala hawezi kuamua siku mbili kabla. Ameshaamua wiki moja nyuma, au ameshaachana nalo. Kionjo chako chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza, cha siku 14 kabla, si cha mwisho.

Tuchukulie kongamano la wakutubi linaloanguka Alhamisi. Wiki mbili kabla, Alhamisi pia, inatoka video ya sekunde 20: mikono miwili inafungua gazeti la zamani, ukurasa unapasuka palepale ulipokunjwa, vipande vinabaki mezani. Hakuna muziki. Chini yake swali moja, "Tulipige picha kwanza au tulitibu kwanza?", kisha tarehe, mahali na kiungo cha usajili. Halafu kimya hadi Jumatatu, ili watu wapate nafasi ya kubishana kwenye maoni. Jumatatu mtoa mada anajibu swali hilo nusu kwa sauti yake. Jumatano inawekwa sehemu ya ratiba, mada tatu tu, kila moja na mtu anayefaa kuisikiliza. Alhamisi, ikiwa imebaki wiki kamili, anasikika mkutubi wa kawaida aliyejisajili akieleza anakuja kutafuta nini. Ijumaa ni ukumbusho mkavu: usajili unafungwa Jumapili usiku.

Kuanzia Jumatatu inayofuata hubembelezi mtu tena. Unazungumza na waliokwisha kujisajili: lango lipi, waje na nini, kikao cha kwanza saa ngapi. (Andika "saa 3 asubuhi". Ukiandika 9:00 peke yake kwa wasomaji wa Kiswahili, jiandae kujibu simu.) Posti nane zinatosha kwa siku zote 14.

Dhana: Kubadilisha rangi na muundo ndiyo aina mbalimbali

Picha kumi za watoa mada kumi, kila moja na rangi yake, ni kionjo kimoja kilichorudiwa mara kumi. Ukitaka kupima, andika pembeni ya kila posti swali ambalo msomaji anajibiwa: kuna tatizo gani, nani analijua, mimi nitatoka na nini, watu kama mimi watakuwepo, nifikeje. Swali likijirudia mara tatu mfululizo, posti mojawapo iondoke hata kama mbunifu aliikeshea.

Dhana: Kionjo kizuri huficha

"Kuna jambo kubwa linakuja" humsisimua anayekujua tayari. Mgeni haoni sababu ya kusubiri. Ficha kitu kimoja, kama jibu la lile swali la gazeti, lakini tarehe, mahali na kiungo visikosekane hata mara moja, maana posti husambazwa peke yake bila zile zilizoitangulia.

Dhana: Ukishazipanga posti zijichapishe, kazi imekwisha

Mtoa mada huugua, ukumbi hubadilika. Acha nafasi mbili tupu katika wiki ya pili, na mtu mmoja awe na kazi ya kufungua orodha ya posti zinazosubiri kila asubuhi. Mabadiliko yakitokea, anasimamisha zote kwanza ndipo anaandika tangazo. Akianza na tangazo, saa 6 mchana posti ya zamani itatoka na jina la ukumbi ule wa kwanza.