Kwa nini moshi wa mlipuko wako unakatika ghafla hata kama alfa inashuka mpaka sifuri

Hili swali naulizwa sana na watu wanaotengeneza efekti za gemu: mlipuko umeanza vizuri, moto upo, moshi umejaa, af mwishoni badala ya kufifia taratibu unapotea mara moja kama mtu kazima taa. Ukifungua setingi unakuta jamaa ameweka alfa inashuka kutoka 1 mpaka 0 kama inavyotakiwa, kwa hiyo haelewi kosa liko wapi. Nataka nieleze kosa lenyewe kwa mfano mmoja, na nitatumia majina ya Unity kwa sababu ndo naifanyia kazi kila siku, ila hesabu ni zile zile kwenye enjini yoyote.

Mfano wetu uwe huu. Moshi una chembe 20, zote zinatoka kwa mpigo mmoja, kila moja inaishi sekunde 1.6. Kila chembe ni karatasi bapa inayoangalia kamera, na juu yake tunacheza flipbuk, yaani tekscha moja kubwa iliyogawanywa vyumba 8 kwa 8, jumla fremu 64, kila chumba kina picha ya moshi ule ule ukiwa umesogea kidogo mbele. Tekscha ikiwa na pikseli 2048 kila upande basi kila fremu inapata pikseli 256, zinatosha kabisa kwa moshi.

Kabla hujagusa grafu yoyote, rekodi skrini af pitia fremu moja moja pale mwishoni. Usitegemee macho kwa spidi ya kawaida, maana kuna makosa matatu tofauti ambayo kwa spidi ya kawaida yanafanana kabisa. La kwanza, moshi unakatika ukiwa bado mzito, na chembe zote zinaondoka kwenye fremu ile ile: hapo mara nyingi sio grafu, ni skripti. Nimewahi kumaliza siku nzima nachezea alfa kumbe kwenye kodi ya risasi kulikuwa na `Destroy(gameObject, 1f)`, yaani kitu kizima kinafutwa sekunde ya kwanza ikiisha wakati chembe zina sekunde 0.6 bado za kuishi. Acha mfumo wa chembe ujifute wenyewe, weka `Stop Action` iwe `Destroy`, utasubiri mpaka chembe ya mwisho ife.

La pili, unaona mwanga wa moto umerudi kwa fremu moja tu pale mwisho kabisa. Hapo flipbuk imezunguka. Fremu zinahesabiwa kuanzia 0 mpaka 63, sasa grafu ya `Frame over Time` ikifika mwisho kabisa inaomba fremu ya 64, ambayo haipo, kwa hiyo inarudi fremu ya 0, na fremu ya 0 ndo ile yenye mlipuko mkali. Ndo maana Unity kwa kawaida inaishia 0.9999 na sio 1. Ukiandika sheda yako mwenyewe inayochanganya fremu mbili, hakikisha fremu ya 63 haichanganywi na ya 0, izuie ibaki 63.

La tatu ndo lenye utamu, na ndo linalowapata wengi: ukipitia fremu moja moja unaona moshi kweli unafifia, ila muda mrefu haubadiliki kabisa halafu unashuka wote kwenye fremu chache za mwisho. Hapa skripti haina kosa, flipbuk haina kosa, na alfa kweli inashuka mstari mnyoofu. Shida ni kwamba unaangalia alfa ya chembe moja wakati mtazamaji anaona chembe 20 zilizopandana.

Chukua pikseli moja katikati ya moshi ambako chembe zote 20 zinapita juu yake. Kila chembe inaruhusu sehemu fulani ya mandhari ya nyuma ipenye, na zile sehemu zinazidishwa, kwa hiyo uzito wa jumla unapatikana hivi:

```
A = 1 - (1 - a)^n
```

Hapo `a` ni alfa ya chembe moja na `n` ni idadi ya chembe. Sasa weka alfa iwe 0.5, yaani maisha yamefika nusu kwenye mstari mnyoofu: jumla ni kama 1 tu, huoni tofauti yoyote. Weka 0.1, yaani asilimia 90 ya maisha imeshapita, wewe kwenye inspekta unaona chembe karibu haipo, lakini jumla bado ni 0.88! Moshi bado mzito kabisa. Hiyo 0.88 yote inabidi iishe kwenye asilimia 10 iliyobaki, ambayo kwa sekunde 1.6 ni sekunde 0.16, kwenye skrini ya fremu 60 ni fremu kama 10 hivi. Jicho linaona moshi uliosimama af pu, haupo. Kwa hiyo alfa inafifia sawasawa na macho yanaona kukatika, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Ukigeuza ile hesabu kutafuta alfa gani inaleta jumla ya nusu, unapata 0.034. Yaani katikati ya kufifia chembe inatakiwa iwe na alfa ya asilimia tatu na kidogo tu, namba ambayo mtu akiiona anadhani ni makosa ya kuandika.

Ila usiichukue hiyo hesabu kama ilivyo ukaitumia kwa moshi wote, kwa sababu pembeni mwa moshi hakuna chembe 20, kuna mbili au tatu, na kwa alfa ya 0.034 kule pembeni hutaona kitu. Kiasi fulani hiyo ni nzuri, moshi wa kweli nao unaanza kuisha pembeni, lakini ukizidisha unabaki na donge katikati lisilo na kingo. Mimi natumia njia ya kati. Kwenye `Color over Lifetime` naacha alfa 1 mpaka maisha yafike 0.3, kisha 0.35 ikifika 0.5, kisha 0.1 ikifika 0.7, kisha 0.03 ikifika 0.85, na 0 mwishoni. Ni alama sita za alfa, na gradienti ya Unity inakubali mpaka nane, kwa hiyo inaenea. Angalia kinachotokea katikati ya moshi: kwenye 0.7 jumla ni 0.88, kwenye 0.85 ni kama 0.46, mwishoni sifuri. Ile safari ya kushuka iliyokuwa inabanwa kwenye sekunde 0.16 sasa inapata karibu sekunde 0.48, mara tatu, na muda wa maisha hujaugusa.

Bado kuna kitu kidogo. Rangi ya chembe inapelekwa kwenye sheda kwa biti 8, yaani alfa ina ngazi 255 tu, na ukishafika 0.03 umebakiwa na ngazi 7 au 8. Ngazi ya mwisho kabisa, 1 kwa 255, chembe 20 zikiiacha pamoja, jumla inaruka kama asilimia 7.5 kwa fremu moja. Ukiwa na mandhari angavu nyuma hiyo inaonekana. Dawa yake ni rahisi na inasaidia mambo mengine pia: usiziache chembe zote zife pamoja. Badilisha `Start Lifetime` iwe nasibu kati ya 1.2 na 2.0. Wastani unabaki 1.6, lakini vifo 20 vinasambaa kwenye sekunde 0.8, kwa hiyo chembe moja inaondoka kila baada ya fremu mbili au tatu hivi, na hakuna fremu moja inayobeba mruko wote.

Sasa turudi kwenye flipbuk, maana nayo ina grafu yake na lazima iende pamoja na alfa. Fremu 64 kwa sekunde 1.6 ni fremu 40 kwa sekunde ukizicheza kwa spidi moja, lakini mlipuko hauendi kwa spidi moja, unapasuka haraka af unazubaa. Kwa hiyo napindisha `Frame over Time` ili nusu ya fremu ziishe kwenye asilimia 20 ya kwanza ya maisha. Mwanzoni hapo zinapita kama 100 kwa sekunde, skrini inaziruka baadhi na hakuna anayejali. Mkia ndo unahitaji uangalizi, kwa sababu fremu 32 zilizobaki zinatandazwa kwenye sekunde 1.28, yaani 25 kwa sekunde, na moshi unaofifia taratibu huku picha yake inadunda ni kero, jicho linashika kila mdundo. Washa `Flip-Book Blending` kwenye materiali na uongeze `UV2` na `AnimBlend` kwenye vertex stream za renda, hapo sheda inachanganya fremu ya sasa na inayofuata na ule mdundo unaisha. Af cheki chumba cha mwisho cha tekscha: kama msanii ameshafifisha moshi ndani ya picha zenyewe, grafu yako ya alfa inafifisha mara ya pili na moshi utaisha mapema kuliko ulivyopanga. Mimi naomba flipbuk ambayo fremu ya 63 bado ina moshi wa kutosha, kufifisha nafanya mwenyewe.

Na kufifisha kwenyewe, kwa moshi mzito, naona alfa peke yake haitoshi. Alfa inapunguza karatasi yote kwa kiasi kile kile, moshi unageuka kivuli cheupe cheupe chenye umbo lile lile. Moshi wa kweli unaliwa kuanzia pale ulipo mwembamba. Kwa hiyo naongeza ulaji ndani ya sheda:

```hlsl
float e = ero * (1.0 + s);
float a = tex.a * smoothstep(e - s, e, tex.a);
```

`ero` inatoka kwenye `Custom Data`, inapanda kutoka 0 hadi 1 kwa umri wa chembe, na inakuja kama namba ya float kwa hiyo ile shida ya ngazi 255 haipo. `s` ni ulaini wa ukingo, naanzia 0.3. `ero` ikiwa 0.5, `e` ni 0.65, basi pikseli ya pembeni yenye alfa 0.2 imeshaisha kabisa, wakati ya katikati yenye 0.9 haijaguswa. Usisahau kuzidisha na `tex.a`, ukiiacha, `ero` ikiwa 0 karatasi nzima inajitokeza kama mraba.

Njia hii ina sharti moja. Tekscha lazima iwe na alfa inayopanda taratibu kutoka ukingoni mpaka katikati. Fungua chaneli ya alfa uiangalie peke yake: ukiona ndani ni nyeupe tupu na kijivu kiko kwenye ukingo mwembamba tu, basi katikati yote ina thamani moja, itasubiri pamoja na kuliwa pamoja pale mwishoni, na umerudi kwenye kukatika kule kule. Hapo rudi kwa aliyerenda flipbuk umwombe apunguze msongamano wa moshi, ndani ionekane vijivu vya kutofautiana.