Tetemeko la Kagera: ukuta ulivyoamua

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Ukubwa ulikuwa 5.9, na chanzo kilikuwa takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Zaidi ya watu 15 walifariki, na familia nyingi zililala nje.

Mtikisiko huo ulitoka mbali na macho yetu. Gamba la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa viitwavyo mabamba. Bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, na kati yake kuna bamba dogo la Victoria, linalobeba ziwa lenyewe. Mpaka wake wa magharibi ni Bonde la Ufa linalopita maziwa ya Tanganyika, Kivu na Albert. Bukoba iko pembeni mwa mpaka huo, si juu yake hasa, ndiyo maana wengi walidhani mambo haya ni ya Kongo.

Sisi wataalamu hutenganisha janga na hatari. Mtikisiko ni janga, na hakuna wa kuuzuia. Hatari ni hasara inayoweza kutupata, na hiyo hutegemea waliopo, wanakoishi na walivyojenga. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilipata tetemeko la 6.8, lililotoa nishati zaidi ya mara 20 ya lile la Kagera, lakini likaua watu wachache zaidi. Ukubwa peke yake hausemi mengi.

Tuangalie ukuta. Tofali la kuchoma hubeba uzito wa paa vizuri, kwa kuwa uzito unashuka chini. Tetemeko husukuma kwa ubavu, na hapo kinachoshikilia ni ule udongo ulio kati ya tofali na tofali. Ukikwaruza kiungo kwa msumari kikamwagika kama vumbi, ukuta huo ni rundo la matofali yaliyopangwa tu. Huanza kupasuka mshazari kwenye kona za madirisha, kisha kuta mbili zinaachana konani, na ile pembetatu ya juu chini ya bati huanguka ya kwanza. Msonge wa zamani wa Wahaya, wa miti na nyasi, uliyumba tu. Sisemi turudi huko. Nasema tofali bila lenta ya zege yenye nondo, inayozunguka nyumba nzima na kufunga kona zote, ni zito bila kuwa imara.

Kwenye mteremko mtikisiko una mwenzake. Mtu akichimba kilima apate kiwanja, huacha ukingo wima nyuma ya nyumba, umeondolewa mguu uliouegemeza. Tetemeko linaweza kuuangusha, na mvua pia, kwa kuongeza uzito wa udongo na kuulainisha. Kabla haujaanguka huwa unatoa dalili: nyufa zinazopinda kama mwezi mchanga juu ya ukingo, miti iliyoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama.